Kiwango cha mwitikio na mwegemeo wa kutojibu: hojaji ya kuridhika kwa wagonjwa wa nje, hospitali ya ngazi ya 4, Kaunti ya Kisumu

Wahoji wawili walisimama kwenye njia ya kutokea, hatua chache baada ya dirisha la dawa, kwa wiki mbili za kazi. Walimwendea kila mtu wa 5 aliyepita. Kama mgonjwa ni mtoto, aliulizwa mzazi au mlezi. Walioangukia kwenye hesabu hiyo ni 462. Tuliwaondoa 21 wasiostahili: wafanyakazi, waliokuja kumtazama jamaa, na waliokwisha kuhojiwa. Wanaobaki ni 441.

Kati yao, 333 walimaliza hojaji. Waliokataa ni 58, waliokatiza kabla ya nusu ya maswali ni 14, na 27 walipita mhoji akiwa bado na mtu mwingine. Wengine 9 walizungumza Kinandi peke yake, ilhali wahoji wetu walijua Kiswahili na Kijaluo tu. Kiwango cha mwitikio ni 333/441, yaani 75.5%. Tungewatoa wale 27 waliopita bila kuulizwa, asilimia ingepanda hadi 80.4, lakini hicho ni kipimo cha ushirikiano wa waliofikiwa na hakifai kuandikwa kama kiwango cha mwitikio.

Waliosema wameridhika ni 269 kati ya 333, sawa na 80.8%. Kiwango cha mwitikio pekee hakituambii kama takwimu hii imepinda. Upindaji huo, yaani mwegemeo wa kutojibu, hutegemea mambo mawili kwa pamoja: ukubwa wa kundi lisilojibu, na umbali wa maoni yake kutoka kwa waliojibu.

Mhoji aliandika jinsia na saa ya kila aliyestahili, awe amejibu au la. Wanawake walijibu kwa 81.3% (235 kati ya 289), wanaume 64.5% (98 kati ya 152). Kabla ya saa sita mchana mwitikio ulikuwa 84.2%, baada ya hapo ulishuka hadi 68.1%, na walioridhika nao wakapungua kutoka 85.4% hadi 75.9%. Tulipowapa watu wa mchana uzito wanaostahili, kuridhika kulishuka kidogo tu, hadi 80.3%. Matokeo hayo yanatuliza roho kupita kiasi. Uzito wa saa unachukulia kwamba aliyekataa saa nane anafanana na aliyejibu saa nane, na sababu za kukataa zinaonyesha vingine.

Kati ya waliokataa, 31 walisema wana haraka, wengi wakitaja gari linalojaza stejini. Wengine 11 hawakutoa sababu. Waliobaki, 16, walikuwa wameshika karatasi ya dawa waliyoambiwa wakanunue nje. Mmoja alimwambia mhoji, "Nitafute dawa ya mtoto kwanza, maswali yako baadaye." Hapa ndipo penye uzito: kilichowafanya wakatae ni sehemu ya huduma ileile tunayoipima. Hata kati ya waliojibu, waliokosa angalau dawa moja waliridhika kwa 64.6% (51 kati ya 79), dhidi ya 85.8% (218 kati ya 254) ya waliopata zote.

Waliokataa waliombwa angalau swali moja, la kuridhika kwa jumla. Walikubali 41, na 24 kati yao (58.5%) walisema wameridhika. Tukichukulia kwamba wote 108 wasiojibu wako hivyo:

mwegemeo = (1 − 0.755) × (80.8 − 58.5) ≈ asilimia 5.5

Kuridhika kunakuwa karibu 75.3%. Kama wasiojibu wote hawakuridhika, ni 61.0%; kama wote waliridhika, 85.5%. Mipaka hiyo miwili si ya kuaminika kama hali halisi, ila inaonyesha data yenyewe inafika wapi bila dhana yoyote. Sisi tunaona 75 iko karibu zaidi na ukweli kuliko 81, ingawa waliokubali swali moja huenda ni wapole kuliko 17 waliokataa hata hilo.

Kuna kundi jingine ambalo hesabu hizi haziligusi. Katika daftari la wagonjwa wa nje la siku hizo, mistari 176 ina jina na namba lakini haina ugonjwa wala dawa. Huenda wengi wao walichoka na foleni wakaondoka. Hawakufika dirisha la dawa, kwa hiyo si wasiojibu. Wako nje ya sampuli kabisa, na hakuna uzito unaoweza kuwarudisha. Kwa hiyo 80.8% isisomwe kama maoni ya wote waliokuja kutibiwa.

Duru ijayo mhoji wa tatu, anayejua Kinandi, atakaa mapokezi akichukua namba za simu za sampuli ya wanaojiandikisha, kwa idhini yao, ili wasioonekana kwenye njia ya kutokea wapigiwe jioni.