Mada: Nafasi ya afisa wa forodha, Mombasa – kufuatia mazungumzo yetu ya 6 Mei

Mombasa, Jumanne 27 Mei

Habari za siku nyingi, Bi. Zuhura,

Natumai u mzima na kazi zinakwenda vyema. Mimi ni Salma. Tulizungumza kwa simu Jumanne tarehe 6 Mei, kama nusu saa hivi, kuhusu nafasi ya afisa wa forodha. Uliniambia wasifu wangu utaufikisha kwa meneja, na kwamba hatua inayofuata ni mahojiano ya ana kwa ana ofisini kwao Shimanzi.

Leo zimetimia wiki 3. Najua uamuzi wa kuajiri hupita mikono mingi, na si yote yaliyo katika uwezo wako. Naomba tu kujua: nafasi bado iko wazi, nami bado nimo?

Nauliza leo kwa sababu ya tarehe. Ulinitajia kazi itaanza 1 Julai. Mkataba wangu wa sasa unataka notisi ya siku 28, kwa hiyo barua ya kuacha kazi yanipasa niikabidhi kufikia Jumanne ijayo, 3 Juni. Siku hiyo ikipita, kazi bado naitaka sana, ila kuripoti kutasogea mbele. Ni vyema meneja alijue hilo mapema.

Kuna jambo jingine. Uliniuliza kontena hukwama wapi zaidi, nikajibu upesi: kwenye ushuru. Jibu lile halikutosha. Mara nyingi tatizo huanza meli ikiwa bado haijafika Kilindini: uzito wa kwenye hati ya shehena haulingani na orodha ya upakiaji, msimbo wa bidhaa hauendani na maelezo ya ankara, au cheti cha ubora hakikutolewa mzigo ulikotoka. Kosa likionekana mzigo umeshashushwa, kulirekebisha hula siku za kuhifadhi bila malipo. Zikiisha, bandari huanza kutoza, na kampuni ya meli nayo hutoza kivyake kwa kontena lake. Kwa hiyo mimi hudai nakala za hati zote siku 7 kabla ya meli kufika, nikazilinganisha mstari kwa mstari, ndipo naingiza tamko kwenye mfumo wa forodha wa iCMS. Tafadhali mfikishie meneja maelezo haya.

Nimeambatisha wasifu tena, kurasa 2, usihangaike kuutafuta. Nipigie kwa nambari ileile siku yoyote baada ya saa kumi jioni. Mchana pia napatikana, isipokuwa Ijumaa wakati wa swala. Ukiwa na shughuli nyingi, jibu la mstari mmoja linatosha. Na kama wameshampata mtu, niambie bila kusita. Nitashukuru, na ningependa unikumbuke itokeapo nafasi nyingine ya forodha hapa Mombasa.

Ahsante kwa muda wako.

Wako kwa heshima,
Salma