Matangazo ya sikukuu 1447: yepi yanabaki, yepi tunayaacha

Kwa wenzangu wa Darajani na wa Chake Chake,

Asalaam alaykum. Sikukuu imepita na mahesabu yamefungwa. Tuyatazame maneno tuliyotumia kabla hatujayasahau.

Yaliyouza kuliko yote ni "Fundi akikupa ahadi, sisi tunakupa kanzu." Watu waliingia dukani wakiyatamka huku wanacheka, na kina mama wa Chake waliyarusha kwenye magurupu yao bila ya kuombwa. Yaligusa panapouma: kumi la mwisho limeingia, kitambaa kiko kwa fundi, na fundi hapokei simu. Tatizo, mafundi nao waliyasikia. Hao ndio wanaochukua majora kwetu mwaka mzima. Watatu wamenuna, na mmoja hajakanyaga dukani mpaka leo. Kwa hivyo mwakani tuseme: "Fundi kajaa? Njoo, iliyoshonwa ipo." Wasiwasi wa mteja ni ule ule, na fundi habaki na aibu, maana anayejaa ni fundi mzuri.

"Punguzo kabambe" litoke. Mtaa mzima unapiga kelele hiyo, na mteja akishaingia anataka apunguziwe tena juu yake.

"Baba na mwana, sare moja" ibaki, kwa sharti saizi za watoto ziwepo. Safari hii ziliisha kumi la kati, tangazo likaendelea kuita watu tukawarudisha mikono mitupu.

Kwa upande wa njia, kila moja tuliipa neno lake la kutaja kaunta, kwa hivyo hatubahatishi. "Viua" la stetasi za WhatsApp ndilo lililotajwa zaidi mjini, na karibu wote walisema wameliona baada ya tarawehe, Darajani ikiwa imechangamka. Za asubuhi tusijisumbue nazo. "Mwandamo" la redio lilivuma Chake, mjini kidogo sana. Tulipie redio kwa ajili ya Pemba, ila tangazo liondoke karibu na magharibi: saa hiyo mtu ana tende mkononi anasubiri adhana, jina la duka halimkai. Gari la matangazo halikutajwa na yeyote. Basi.

Kofia ya bure kwa kanzu mbili tuiache. Watu walitarajia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, tukawapa ya mashine, nyuso zikabadilika. Lipa kidogo kidogo ibaki, tena ianze Rajabu badala ya Shaabani. Ramadhani ya 1448 itatangulia kwa siku kama 11, iingie Februari, na mzazi atakuwa ametoka kununua sare za skuli Januari. Aliyekwishaanza kuweka Disemba hatokwama.

Oda za Pemba zifungwe 20 Ramadhani, si 25. Mizigo ya mwisho ilishuka Mkoani usiku wa kuamkia sikukuu. Mwenye pingamizi anione kabla ya Ijumaa, baadaye naandika upya la redio.