Mtoto wa Jicho: Mswada wa Filamu Fupi kwa Watazamaji Wazee, Toleo la Pili

Kwa mwongozaji, msimulizi na mhariri wa picha

Toleo hili linachukua nafasi ya mswada wa dakika 3 uliotungwa kwa ajili ya vijana wanaowahudumia wazazi wao. Filamu itaonyeshwa kwenye televisheni ya ukumbi wa kusubiria wa kliniki ya macho, mbele ya watu wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, ambao wengi wao wanaiona skrini kwa ukungu na baadhi yao hawasikii vizuri. Kwa hiyo habari ileile sasa inachukua dakika 6. Kila kinachoandikwa kwenye skrini kisomwe pia kwa sauti, ili asiyeona herufi asikose neno. Herufi ziwe nyeupe na nene juu ya weusi mtupu, kimo chake kisipungue sehemu moja ya kumi ya kimo cha skrini, mistari isizidi miwili, na maandishi yasiwekwe kamwe juu ya picha inayotembea. Muziki unyamaze kabisa mtu anapozungumza.

Mfano wa kamera ya simu umeondolewa na mahali pake pamewekwa taa ya chemli. Maelekezo ya kupakua programu na kujisajili kwa msimbo yamefutwa, kwa sababu mtu anaweza kutibiwa macho bila vitu hivyo, na hatupaswi kumfanya mzee adhani kwamba tiba si yake kwa kuwa hana simu ya kisasa. Msimulizi asivute maneno wala asizungumze kama anayembembeleza mtoto. Utaratibu upatikane kwa kutua kati ya sentensi.

ONYESHO LA KWANZA: UANI, ASUBUHI

Bibi, mwenye umri wa miaka 70 hivi, ameketi kwenye mkeka akichagua mchele katika ungo. Kamera itulie kwenye vidole vyake kwa sekunde 10. Anapapasa punje, anatoa chuya moja, na jiwe dogo jeupe linabaki. Anausogeza ungo juani, kisha anakunja uso na kujikinga macho kwa kiganja. Mjukuu wake, msichana wa miaka 20 hivi, anaingia.

MJUKUU: Shikamoo, bibi.

BIBI: Marahaba, mjukuu wangu. Njoo uniangalizie huu mchele. Kivulini sioni, na juani ndiyo kabisa, mwanga unanichoma.

MJUKUU: Tangu lini, bibi?

BIBI: Yapata mwaka sasa. Hakuna maumivu yoyote, ndiyo maana sikusema. Nikadhani ni uzee tu.

Kimya cha sekunde 3. Picha ifunikwe taratibu na weusi.

MAANDISHI KWENYE SKRINI, sekunde 10: «Ukungu machoni unaweza kutibiwa.»

MSIMULIZI: Ukungu machoni unaweza kutibiwa. Kama mwanga wa jua unakusumbua, kama nyuso za watu zinafifia, au kama miwani yako haikusaidii tena kama zamani, usiseme kwamba ni uzee tu. Mwambie mtu wa nyumbani kwako, kisha uende ukapimwe.

ONYESHO LA PILI: CHUMBA CHA DAKTARI WA MACHO

Hili ndilo onyesho refu kuliko yote, na lisifupishwe. Daktari ni mwanamke wa makamo. Anasimama Bibi anapoingia, anamwonyesha kiti, naye anaketi ana kwa ana naye. Kamera ibaki mahali pamoja.

DAKTARI: Shikamoo, bibi. Karibu uketi.

BIBI: Marahaba, mwanangu.

DAKTARI: Nimekupima macho yote mawili. Una mtoto wa jicho. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi ambayo kwa kawaida ni angavu, na mwanga hupita humo. Miaka inavyokwenda, lenzi hiyo huingia ukungu. Unaikumbuka taa ya chemli?

BIBI: Nimelea watoto kwa taa hiyo.

DAKTARI: Kioo chake kikishika masizi, utambi unawaka lakini chumba kina giza. Tofauti ni kwamba masizi hufutika kwa kitambaa, ila ukungu huu haufutiki, kwa kuwa umo ndani ya lenzi yenyewe. Tunachofanya ni kuitoa lenzi hiyo na kuweka mpya, ambayo hukaa humo daima.

Atue kwa sekunde 4. Bibi anatazama mikono yake.

BIBI: Jirani yangu ana dawa ya majani, anasema ukitia matone wiki mbili inayeyuka.

DAKTARI: Nimekusikia, bibi, na najua anakutakia mema. Hakuna dawa ya matone wala ya majani inayoyeyusha mtoto wa jicho. Majani yanaweza kuleta vidonda juu ya kioo cha mbele ya jicho, na kidonda kikipona huacha kovu ambalo huenda likakunyima uoni hata baada ya upasuaji.

MAANDISHI KWENYE SKRINI, sekunde 12: «Usitie dawa ya majani jichoni.»

MSIMULIZI: Usitie dawa ya majani jichoni. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji peke yake.

BIBI: Je, nitalazwa usingizi?

DAKTARI: Kwa kawaida hapana. Tunalitia jicho ganzi, wewe unabaki macho na unanisikia ninapozungumza nawe. Mara nyingi kazi yenyewe haifiki saa moja. Tunaanza na jicho moja, likishapona ndipo tunafanya la pili. Kama una kisukari au presha, nieleze leo, na uje na dawa zote unazotumia.

BIBI: Na gharama?

DAKTARI: Mjukuu wako akupeleke ofisi ya ustawi wa jamii, hapa hapa hospitalini. Watakueleza utaratibu wa msamaha kwa wazee wasio na uwezo. Tarehe yako nitaiandika kwenye kadi hii kwa kalamu nene.

Kamera ioneshe kadi kwa karibu. Daktari anaandika polepole, kisha anaisoma tarehe kwa sauti na kumkabidhi Bibi mwenyewe, si mjukuu.

ONYESHO LA TATU: BAADA YA UPASUAJI, NYUMBANI

Chumba cha upasuaji kisioneshwe. Bibi ameketi kitandani, jicho moja limefunikwa kwa bandeji. Mjukuu ananawa mikono kwa sabuni, na kitendo hicho kioneshwe chote, mpaka anapojikausha kwa kitambaa safi. Bandeji inatolewa, matone yanatiwa.

MSIMULIZI: Utapewa dawa ya matone ya kutumia kwa wiki kadhaa. Anayekutilia matone anawe mikono kwanza. Usilifikiche jicho, usibebe ndoo wala mzigo mzito, na maji ya kuoga yasiingie jichoni mpaka daktari atakapokuruhusu. Kuwasha kidogo katika siku za mwanzo ni kawaida.

Kimya cha sekunde 3.

MSIMULIZI: Lakini jicho likiuma sana, likizidi kuwa jekundu, likitoa usaha, au uoni ukipungua ghafla, usisubiri siku ya kadi yako.

MAANDISHI KWENYE SKRINI, sekunde 15: «Jicho likiuma sana, rudi hospitali leo.»

MSIMULIZI: Jicho likiuma sana, rudi hospitali leo. Kama huna wa kukusindikiza, mpigie simu ndugu au jirani, na ukifika, mweleze muuguzi wa mapokezi kwamba umefanyiwa upasuaji wa jicho.

MAANDISHI KWENYE SKRINI, sekunde 15: «Una swali? Muulize muuguzi wa mapokezi.»

MSIMULIZI: Una swali? Muulize muuguzi wa mapokezi, aliye hapa ukumbini. Usione haya kumwomba arudie.

Skrini ibaki nyeusi na kimya kwa dakika moja kabla ya filamu kuanza tena, ili waliomo ukumbini wapate nafasi ya kuuliza.