Saa Tatu ya Okello

Okello aliniambia nilale. "Imeandikwa saa tatu, Halima. Tutaamka, tutakunywa chai, halafu tutapakua."

Nilifungua tena kitandani ule ujumbe wa chuo wenye viungo vya mihadhara. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na `Expires 03:00 UTC`. Okello aliona tatu akasoma saa tatu asubuhi, kama mtu yeyote aliyelelewa huku kwetu. Mimi mwenyewe mwanzoni niliisoma saa tisa za usiku, nikashtuka. Kisha nikakumbuka kwamba UTC ni saa ya kimataifa, na saa za Uganda ziko mbele yake kwa saa tatu. Tatu jumlisha tatu: saa kumi na mbili, kumepambazuka. Nilimtumia ujumbe Okello, lakini tiki ilibaki moja. Alikuwa ameshazima simu.

Mihadhara ilikuwa minne, yote ya famakolojia, kila mmoja unakaribia megabaiti 310. Chuo kilikuwa kinahamia mfumo mpya, na taarifa ilitufikia jioni ileile. Jioni hapa Bombo mtandao haufai kitu: kila mtu yuko kwenye simu, kuanzia kambini hadi barabara ya Gulu. Nikatega kengele saa kumi kasorobo.

Nilipoamka, kompyuta niliiweka juu ya meza ya bibi, waya ukutani. Betri yake ilikufa zamani. Ukichomoa waya inazimika papo hapo. Simu nikaining'iniza dirishani kwa mfuko wa rambo, maana hapo ndipo inaposhika vizuri. Viungo vyote vinne nilikuwa nimevibandika kwenye faili moja, nikaandika:

```
wget -c -i mihadhara.txt
```

Kilobaiti mia mbili kwa sekunde. Si haba. Dakika ishirini na sita kwa kila mhadhara, nikapiga hesabu kwenye kiganja. Wa kwanza ukaingia. Wa pili ukaingia.

Adhana ya alfajiri ilinikuta katikati ya mhadhara wa tatu. Bibi akatoka na birika la udhu, akatazama ile mistari inavyokimbia kwenye kioo.

"Unasoma nini gizani?"

"Sisomi, bibi. Naweka akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya masomo. Yatafutwa saa kumi na mbili."

Akatikisa kichwa. "Sisi ustadhi wetu alifuta ubao tukiwa tumeshahifadhi," akasema, akaenda zake kuswali.

Mhadhara wa nne ulianza saa kumi na moja na dakika thelathini na nne. Hapo mtaa ulikuwa umeamka, na kasi ikashuka hadi mia moja na ishirini. Nikajua hautamalizika kabla ya saa kumi na mbili. Lakini binamu yangu anayetengeneza kompyuta aliwahi kunieleza kwamba viungo vingi vya namna hii hukaguliwa mlangoni tu: ukishaingia, hakuna anayekutoa. Shida ni ukitoka ukataka kurudi.

Basi sikugusa kitu. Saa kumi na mbili ikafika, ikapita. Mistari ikaendelea kukimbia. Nilicheka peke yangu.

Ndipo Yaka, mita yetu ya umeme, ikaanza kulia.

Mlio ule kila nyumba inaujua: umeme unaelekea kuisha. Kwenye simu nilikuwa na shilingi mia saba. Bibi alikuwa na noti ya elfu tano chini ya mkeka wake, lakini noti haiingii kwenye simu bila wakala, na wakala wetu hufungua saa moja. Nikakimbilia barazani nikachomoa friji la juisi ya ukwaju. Nikazima taa ya choo. Nikazima hata redio ya bibi.

"Halima!"

"Dakika tano tu, bibi, nisamehe."

Asilimia themanini na sita. Themanini na saba. Themanini na nane.

Kioo kikawa cheusi.

Saa moja na robo nilikuwa nimebandika tarakimu ishirini za tokeni, nikawasha kompyuta, nikaandika amri ileile. Jibu halikuchelewa: `403 Forbidden`.

Nikafungua ile asilimia themanini na nane. Nashukuru ilikubali kufunguka. Mhadhiri alikuwa amesimama mbele ya ubao, anakokotoa dozi ya mtoto kwa kilo, akasema hapa ndipo wengi wenu huangukia kwenye mtihani, akainua chaki, na picha ikaganda. Chaki juu, mdomo wazi.

Simu ikaita dirishani, ndani ya mfuko. Okello.

"Dada, umeamka? Nakunywa chai hapa. Tuna saa nzima na zaidi, au siyo?"

Nilimtazama mhadhiri na chaki yake.

"Okello," nikasema, "maliza chai. Kisha uje na flashi."