Kitini cha 3: Itifaki ya Mapitio ya Kimfumo kwa Wanafunzi wa Uzamili wa Uuguzi

Kitini hiki kimeandaliwa kwa ajili ya semina ya Jumamosi, hapa Dar es Salaam, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaotarajia kuandika tasnifu kwa njia ya mapitio ya kimfumo. Mfano mmoja utatumika tangu mwanzo hadi mwisho, nao unahusu watoto njiti na huduma ya kangaruu, kwa sababu wengi wenu mmefanya kazi katika wodi hizo na mnajua mtoto wa gramu 1,600 anavyoonekana akiwa amefungwa kwa kanga kifuani mwa mama yake.

Itifaki ni andiko linaloeleza, kabla ya kuanza kazi, swali litakalojibiwa, tafiti zitakazotafutwa, namna zitakavyochaguliwa na namna matokeo yake yatakavyounganishwa. Neno la msingi hapo ni "kabla". Mtu anayechagua vigezo baada ya kuona matokeo ya tafiti atajikuta, hata bila kukusudia, akizibakiza zile zinazokubaliana na anachokiamini. Ndiyo maana itifaki husajiliwa PROSPERO, daftari la bure lililoanzishwa mwaka 2011 na kusimamiwa na Chuo Kikuu cha York, Uingereza, na huandikwa kwa kufuata mwongozo wa PRISMA-P wa mwaka 2015 wenye vipengele 17. Angalizo kwa wanaofikiria mapitio ya upeo: PROSPERO haiyapokei.

Swali

Swali letu ni hili: kwa watoto waliozaliwa na uzito chini ya gramu 2,500 katika vituo vya afya vya Afrika Kusini mwa Sahara, je, huduma ya kangaruu ikilinganishwa na huduma ya kawaida ya joto huongeza idadi ya wanaonyonya maziwa ya mama pekee wanaporuhusiwa kwenda nyumbani? Muundo wa PICO umo ndani yake: walengwa, afua, kilinganishi na matokeo.

Swali hili linaonekana safi, lakini lina mtego. Huduma ya kangaruu, kama inavyoelezwa na Shirika la Afya Duniani, si kumgusanisha mtoto ngozi kwa ngozi tu. Kunyonyesha maziwa ya mama pekee ni sehemu ya huduma yenyewe. Tukiacha hivyo, tutakuwa tunapima afua kwa kutumia kipande cha afua hiyo hiyo. Kwa hiyo itifaki yetu inatambua afua kwa mgusano wa ngozi kwa ngozi ulioanzishwa kituoni na kuendelea kwa angalau siku mbili, na inadai kuwa makundi yote mawili yawe yamepewa ushauri wa unyonyeshaji unaofanana. Unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee nao unaelezwa waziwazi: mtoto hapewi kingine chochote isipokuwa maziwa ya mama, yakiwemo yaliyokamuliwa, pamoja na dawa, vitamini au maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini inapohitajika. Utafiti uliouliza habari za saa 24 zilizopita tu utabakishwa, ila utachambuliwa peke yake.

Vigezo vya kujumuisha na kuondoa

Tutajumuisha tafiti nasibu zilizodhibitiwa na tafiti za majaribio yasiyo nasibu zenye kundi linganishi, zilizochapishwa kuanzia mwaka 2003, mwaka ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa utendaji wa huduma hii. Kikomo cha mwaka kisicho na sababu ni uvivu uliovikwa koti, na mtahini atakivua. Lugha ni Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, kwa kuwa ndizo timu yetu inazisoma. Tutaondoa taarifa za mgonjwa mmoja mmoja, maoni ya wahariri, na tafiti ambazo watoto wenye kasoro kubwa za kuzaliwa hawawezi kutenganishwa na wengine.

Kigezo hupimwa kwa utafiti mgumu. Chukueni jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, lililofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto wenye gramu 1,000 hadi 1,799, ambalo katika siku 28 za mwanzo vifo vilikuwa asilimia 12.0 kwa walioanzishiwa kangaruu mara baada ya kuzaliwa na asilimia 15.7 kwa kundi la pili. Ni utafiti mzuri, umegusa nchi yetu, na kila mwanafunzi hutamani kuutumia. Lakini kundi la pili nalo lilipata kangaruu baada ya hali ya mtoto kutengemaa. Jaribio hilo lililinganisha wakati wa kuanza, si kuwepo au kutokuwepo kwa huduma, na kwa vigezo vyetu linaondolewa katika hatua ya kusoma makala nzima, sababu ikiandikwa "kilinganishi hakifai". Inauma, lakini ndivyo inavyotakiwa.

Mkakati wa utafutaji

Tutatafuta katika PubMed, CINAHL, maktaba ya Cochrane, African Journals Online na African Index Medicus, kisha katika hazina ya tasnifu ya MUHAS na orodha za marejeo za makala zitakazojumuishwa. Wanaokwama kwenye makala za kulipia waulize maktaba kuhusu Hinari. Mkakati wa PubMed ni huu. Majina ya nchi yamepunguzwa hapa ili kuokoa nafasi, ila katika itifaki yanaandikwa yote:

```
("Kangaroo-Mother Care Method"[Mesh]
 OR "kangaroo care"[tiab]
 OR "kangaroo mother"[tiab]
 OR "skin-to-skin"[tiab])
AND
("Infant, Low Birth Weight"[Mesh]
 OR "Infant, Premature"[Mesh]
 OR "low birth weight"[tiab]
 OR preterm*[tiab] OR prematur*[tiab])
AND
("Africa South of the Sahara"[Mesh]
 OR africa*[tiab] OR Tanzania[tiab]
 OR Kenya[tiab] OR Malawi[tiab])
```

Mabano si mapambo. PubMed husoma AND na OR kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo ukiyasahau utapata jibu la swali ambalo hukuliuliza. Istilahi za [Mesh] peke yake hukosa makala mpya ambazo hazijapangiwa istilahi, ndiyo maana zinaambatana na maneno ya kichwa na muhtasari. Mtaona pia kuwa unyonyeshaji haumo. Tumeuacha makusudi, kwani tafiti nyingi hupima tokeo hilo bila kulitaja kwenye muhtasari. Katika CINAHL istilahi hizi hazihamishiki zilivyo. Kila hifadhidata ina zake.

Kabla ya kuufunga mkakati, kusanyeni makala tano mnazozijua na kuona kama zinanaswa. Jaribio la 2021 linafaa kwa zoezi hili ijapokuwa baadaye litaondolewa. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alikuja na makala 11 tu baada ya kuandika swali lake zima kwenye kisanduku cha kutafutia. Tulipoketi na kuligawa katika makundi matatu ya maneno, zilifika mamia.

Uchaguzi, ubora na uunganishaji

Watu wawili watachuja kila muhtasari bila kuonana majibu, baada ya kujaribu pamoja mihtasari 50. Msimamizi ataamua wasipokubaliana. Hatari ya upendeleo itapimwa kwa RoB 2 kwa tafiti nasibu na ROBINS-I kwa zisizo nasibu, na uhakika wa ushahidi kwa GRADE. Uchambuzi wa meta utafanyika iwapo tafiti zitafanana vya kutosha kwa afua na kwa namna ya kupima. La sivyo, matokeo yatasimuliwa kwa mpangilio.

Badiliko lolote baada ya kusajili huandikwa PROSPERO pamoja na tarehe na sababu, na hurudiwa katika sura ya mbinu ya tasnifu. Jumamosi kila mmoja aje na swali lake katika sentensi moja, makala tano za kupimia, na utafiti mmoja anaousita kuujumuisha.