Maradhi kabla ya kujulikana kwa vijidudu: karatasi ya kujisomea, Historia ya Tiba, mwaka wa kwanza

Mswahili anayelalamikia baridi yabisi anatumia, bila kujua, lugha ya tiba ya Kiyunani iliyofika pwani yetu kwa njia ya Waarabu. Wafuasi wa Hipokrati, na baadaye Galeni katika karne ya 2, walifundisha kwamba mwili una majimaji manne, yaani damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba ugonjwa hutokea yanapopoteza mizani. Nyongo nyeusi ilihesabiwa kuwa ya baridi na yabisi. Neno safura nalo latokana na jina la Kiarabu la nyongo ya manjano. Kwa kuwa chanzo kilikuwa ndani ya mgonjwa, tiba ilikuwa kumpunguza damu, kumharisha au kumbadilishia chakula.

Tauni iliitia nadharia hiyo mashakani, kwani iliwaangusha wenye mizani na wasio nayo. Wengi walilaumu hewa chafu itokayo kwenye vinamasi na uozo; ndiyo asili ya neno malaria, ambalo kwa Kiitaliano ni "hewa mbaya". Hata hivyo, mwaka 1377 mji wa Ragusa, yaani Dubrovnik ya leo, uliwatenga wasafiri kwa siku 30, hatua inayoeleweka tu ikiwa mtu huambukiza mtu. Mwaka 1546 daktari Fracastoro wa Verona aliandika juu ya "mbegu" za ugonjwa, lakini zake hazikuwa vijidudu tunavyovijua, na tusimpe sifa isiyo yake.

Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Semmelweis aliwaamuru madaktari waliotoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kuwagusa wanawake wanaojifungua. Vifo vya homa ya uzazi katika wodi yake vilishuka kutoka takribani asilimia 18 mwezi Aprili hadi 2 mwezi Juni, na bado wakubwa wengi hawakumsadiki, kwa sababu hakuweza kuwaonyesha kilichokuwa kikibebwa mikononi.

Daktari John Snow alikumbana na ukuta huohuo London mwaka 1854. Kipindupindu kilipowaua mamia mtaani Soho, alifuatilia maji ya kisima cha Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani, waliokunywa bia, walinusurika. Mjane aliyeishi mbali, Hampstead, lakini akiletewa maji hayo kwa kuwa aliyapenda, alikufa. Mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba, ingawa wimbi lilikuwa limekwisha kuanza kupungua. Kinyume chake, mifereji mikubwa ya majitaka ya London ilijengwa baada ya uvundo wa 1858 ili kuondoa harufu, nayo ikaokoa maisha kwa kuondoa kinyesi kwenye maji.

Maswali
1. Eleza kwa nini karantini na nadharia ya hewa chafu ziliweza kutumika pamoja katika mji mmoja.
2. Semmelweis na Snow walikuwa na ushahidi gani, na walikosa nini?