Ombi la kuongezewa siku 5: insha ya Vita vya Maji Maji

Shikamoo Dokta,

Mimi ni Neema wa mwaka wa pili, kundi la semina la Jumanne asubuhi. Naomba uniongezee siku 5 za kukamilisha insha ya Maji Maji, kutoka Ijumaa tarehe 14 Novemba saa 10 jioni hadi Jumatano tarehe 19, saa hiyohiyo.

Kompyuta yangu mpakato betri yake ilishakufa, kwa hiyo inawaka ikiwa kwenye umeme tu. Jumamosi usiku umeme ulikatika na kurudi mara 3 ndani ya saa moja, na mara ya tatu haikuwaka tena. Jumatatu niliipeleka kwa fundi Kariakoo, akaniambia diski imekufa na vilivyokuwemo havitoki. Hapo kosa ni langu: nakala ya mwisho niliyojitumia kwa barua pepe ni ya tarehe 2, ina kurasa 4 kati ya 11 nilizokuwa nimefikisha.

Jana nilikwenda kuchapa steshenari iliyo karibu na hosteli. Nililipia saa 2, dakika ya 40 umeme ukakatika, na mwenye duka hana jenereta. Nikakaa pale hadi saa 1 usiku alipofunga. Hata barua hii naiandika kwa simu ya mwenzangu, yangu imezima.

Sehemu iliyosalimika ni ya kilimo cha lazima cha pamba, hadi wananchi walipoing'oa kule Nandete Julai 1905. Ya Kinjikitile na maji ya Ngarambe ninayo kwenye daftari kwa mwandiko wangu, imebaki kuchapa. Iliyopotea yote ni ya Ungoni, ambayo ndiyo moyo wa insha: nilikuwa nahusisha kunyongwa kwa viongozi wa Wangoni Songea, Februari 1906, na uchomaji wa mashamba na maghala ulioleta njaa. Hoja bado ninayo kichwani, ila namba za kurasa sina budi kuzitafuta upya, na vitabu vyenyewe ni vya kusomea ndani ya maktaba. Ndiyo maana naomba siku 5, wala si 2.

Nimeshajiandikisha kutumia kompyuta za maktaba kesho Alhamisi na Jumatatu. Pale jenereta ipo. Nimeambatisha picha ya risiti ya fundi, kurasa za daftari na zile kurasa 4 kama zilivyo. Ukitaka, nitakuletea Ijumaa kiasi nitakachokuwa nimefikia, ili uone kazi inakwenda.

Kama utaratibu wa kozi unadai alama zikatwe kwa kuchelewa, nitaupokea. Na kama kuna fomu ya kujaza idarani, nitaifuata kesho asubuhi kabla ya kuingia maktaba.

Mwanafunzi wako,
Neema